Umeficha CSV, Ukaacha df.head() Wazi: Acheni Kuanika Wakulima Wetu GitHub

Leo sina utani, na najua kuna watu wataniblok. Sawa tu.

Kuna kikundi cha wakulima upande wa Konoin, sitakitaja jina, kiliamua kupiga hesabu zake chenyewe. Wazo lilikuwa zuri sana. Kila mtu akishachuma, anapima gunia nyumbani kwa mizani yake, anaandika. Akifika kituoni, karani anapima tena, risiti inatoka, anaandika tena. Mwisho wa mwezi vijana wawili wa hapo kijijini, waliomaliza kozi ya data juzi, wanaingiza kila kitu kwa laptopu na kuangalia kama kilo za nyumbani na kilo za risiti zinaelewana. Wakafungua daftari la Jupyter, wakatumia pandas, wakapandisha kazi yao GitHub ili wafanye pamoja. Na kwa sababu kila mtu siku hizi anatafuta kazi, wakaiacha ripo wazi kwa dunia nzima, iwe portifolio.

Nilipowauliza kuhusu data ya watu, walinijibu kwa kujiamini kabisa: “Tumeweka `*.csv` kwa `.gitignore`. Data haiko huko.”

Nikafungua ripo yao kwa simu, nikiwa nimekaa kwa matatu hapo Litein nikingoja ijae. Faili la CSV kweli halikuwepo. Lakini daftari lilikuwepo, na juu kabisa, seli ya tatu, kulikuwa na ile amri ambayo kila mtu anafundishwa siku ya kwanza: `df.head()`. Chini yake jedwali safi kabisa. Wakulima watano. Jina, namba ya mkulima, namba ya kitambulisho, namba ya simu, kilo. Mmoja wao namjua tangu nikiwa mtoto. Ni mama aliyekuwa akitupa viazi tukitoka shule.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Sina shida na hao vijana wawili, walifanya walichofundishwa. Shida yangu ni huu ushauri unaozunguka kila kona, eti ukishaficha CSV umemaliza. Bana, hujamaliza. Hujaanza hata.

Hebu tuangalie faili la `.ipynb` ni kitu gani. Watu wengi hawajawahi kulifungua kwa kihariri cha kawaida. Ukilifungua utaona ni JSON, maandishi matupu, na kila seli ina sehemu mbili zinazotuhusu: `source`, yaani msimbo uliouandika, na `outputs`, yaani kila kitu kilichotokea kwa skrini ulipoendesha hiyo seli. Matokeo hayo hayapotei ukifunga laptopu. Yanaandikwa ndani ya faili, hivi:

```json
"execution_count": 3,
"outputs": [
 {"data": {
   "text/html": ["<td>MKULIMA A</td><td>07XXXXXXXX</td> ..."],
   "text/plain": ["0  MKULIMA A  07XXXXXXXX  14.5 ..."]
 }}
]
```

Umeona? Simu ya huyo mkulima iko mara mbili. Mara moja kama jedwali la kupendeza, mara ya pili kama maandishi ya kawaida. Kwa hiyo `.gitignore` imezuia CSV mlangoni, na daftari limeingia na wakulima watano mfukoni. Ukiwa na `df.tail()` huko chini, ongeza watano wengine. Ukiwa na ile seli ya “nionyeshe walio na kilo nyingi zaidi”, ongeza kumi, tena hao ndio wenye pesa.

Na msiniambie ni watu watano tu. Mtu akikupigia simu mwezi wa bonasi, akakutajia jina lako lote, namba yako ya mkulima na kilo ulizopeleka Jumanne, utaamini ametoka ofisini. Akikwambia bonasi yako imekwama na kuna ada ndogo ya kuifungua, utatuma. Tapeli hahitaji wakulima elfu. Anahitaji mmoja aliye na maelezo kamili. Halafu kuna sheria: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 43, inamtaka mwenye kushika data amjulishe Kamishna ndani ya saa 72 baada ya kujua kwamba data imefikiwa na wasiostahili na kuna hatari ya kweli ya madhara. Kikundi cha kijijini kikishakusanya namba za vitambulisho, kisidhani sheria ni ya mabenki peke yake.

Wale vijana walipoona niliyowaonyesha, walifanya kile ambacho kila mtu hufanya. Walifuta seli, wakaweka komiti mpya, wakaandika “nimetoa data”, wakapandisha. Jedwali likapotea kwa ukurasa. Lakini git kazi yake ni kukumbuka. Ukiandika `git log -p` kwenye hiyo ripo, komiti ya kwanza iko pale pale na mama wa viazi yuko ndani. Kumfuta kwa komiti mpya ni kumchorea mtu mshale: tazama hapa, kuna kitu nilitaka kuficha.

Kuna `git filter-repo`, inaweza kuandika upya historia yote. Kwa ripo ya komiti kumi na tano mimi sikuona haja. Tulifuta ripo nzima GitHub, tukaanza mpya kutoka faili zilizosafishwa. Hata hivyo, aliyekuwa ameshaivuta kwa `git clone` bado anayo, na hakuna amri ya git inayofika kwa laptopu ya mtu mwingine. Kwa hiyo wakulima waliokuwa kwenye jedwali waliambiwa, mmoja mmoja, kwamba namba zao zilikuwa wazi na wasimwamini mpigaji simu yeyote anayetaja kilo zao. Hiyo ilikuwa asubuhi ngumu kuliko kazi yote ya kompyuta.

Sasa, kuna watu watasema: basi ripo ikiwa ya siri, matokeo yabaki, si yanasaidia? Hapana. Na hii ndiyo sehemu inayonikera zaidi, kwa sababu hata bila kuvuja, matokeo yaliyohifadhiwa kwa git yanaweza kukudanganya mchana kweupe. Kikundi hiki hiki karibu kimchomee karani wa watu.

Ilikuwa hivi. Ukipima gunia nyumbani unapima majani pamoja na gunia lenyewe. Kituoni wanatoa uzito wa gunia. Mwanzoni vijana waliandika kwamba gunia ni nusu kilo:

```python
uzito_gunia = 0.5
```

Mkulima mmoja alikuwa amepeleka magunia 38 mwezi huo. Risiti zake zilionyesha kwamba kwa kila gunia imetolewa kilo moja, si nusu. Daftari likatoa jibu: kilo 19 hazionekani. Wakaenda kupima magunia matupu, yale yanayotumika, yenye unyevu wa asubuhi. Ikawa kilo moja kweli. Kijana akarekebisha, akaandika `1.0`, akaendesha hiyo seli, akahifadhi, akapandisha. Kile ambacho hakufanya ni kuendesha tena seli ya jedwali iliyo chini yake.

Kwa hiyo ukurasa wa GitHub ulikuwa na msimbo sahihi juu na jedwali la zamani chini. Katibu wa kikundi, ambaye si mtu wa kompyuta, akafungua kwa simu, akaona “kilo 19”, akapiga picha ya skrini, akatupa kwa WhatsApp ya kikundi. Kufikia jioni watu walikuwa wanapanga kwenda kituoni asubuhi kumshika karani shati.

Mtu anayejua angeona dalili. Kila seli ya Jupyter ina namba pembeni, inayosema iliendeshwa ya ngapi. Daftari lililoendeshwa kutoka juu hadi chini lina 1, 2, 3, 4 bila kuruka. Lile lilikuwa na seli ya uzito wa gunia yenye `[31]`, na jedwali chini yake lenye `[4]`. Yaani jedwali lilizaliwa zamani, kabla ya marekebisho. Tulipoanzisha upya na kuendesha seli zote kwa mpangilio, tofauti ikawa sifuri. Karani alikuwa anafanya kazi yake. Katibu akaandika ujumbe wa kuomba radhi saa nne usiku.

Ndiyo maana msimamo wangu hauna kona: ndani ya git, daftari liingie bila matokeo. Siku zote. Hata ripo ya siri, hata ya mtu mmoja. Git inahifadhi maagizo ya kupika. Chakula kilichopikwa juzi hakina kazi humo, na usikipakue kwa wageni.

Namna ya kufanya ni fupi kuliko huu mjadala. Kuna kifaa kidogo kinaitwa `nbstripout`. Ukiwa ndani ya ripo:

```
pip install nbstripout
nbstripout --install --attributes .gitattributes
git add .gitattributes
git add --renormalize .
git commit -m "Toa matokeo kwenye madaftari"
```

Kinachotokea ni kwamba git inawekewa kichujio. Kila ukiandika `git add`, daftari linapita kwenye kichujio, matokeo na zile namba za pembeni zinaondolewa, halafu kilichosafishwa ndicho kinaingia kwenye komiti. Faili lako kwa laptopu linabaki na majedwali yake, unaendelea na kazi. Ule mstari wa `--renormalize` usiuruke, kwa sababu daftari ambalo tayari liko ndani ya git halipiti kwenye kichujio mpaka liongezwe upya. Na faida nyingine utaiona kesho yake: `git diff` itaanza kusomeka. Zamani ukibadilisha neno moja, git inakuonyesha ukurasa mzima wa herufi za picha ya grafu. Sasa inakuonyesha neno moja.

Lakini kuna mtego, na huu umenasa watu wanaojiita wazoefu. Faili la `.gitattributes` linasafiri na ripo, ila kichujio chenyewe kinaandikwa kwenye `.git/config` ya laptopu yako, na hiyo haisafiri. Mwenzako akivuta ripo kwa `git clone`, anapata ilani inayosema “tumia nbstripout”, lakini kwake hakuna nbstripout. Git hailalamiki. Inapitisha daftari na matokeo yote, kimya kabisa. Hivyo kila mtu lazima aendeshe `nbstripout --install` kwake, na mtu mmoja awe anakagua. Mimi hutumia hii:

```
git grep -nE '"execution_count": [0-9]' HEAD -- '*.ipynb'
```

Inatafuta ndani ya komiti ya mwisho seli yoyote yenye namba ya kuendeshwa. Isipotoa kitu, uko salama. Ikitoa mstari, kuna mtu hajaweka kichujio, na jina la faili liko hapo mbele yako. Jueni pia kwamba kichujio kinagusa matokeo tu. Ukiandika namba ya simu ya mtu ndani ya msimbo wenyewe, kwa mfano unamtafuta mkulima fulani kwa namba yake, hiyo inabaki. Mashine haiwezi kukutunzia adabu.

Tukishatoa matokeo, swali linalobaki ni nini kingine kiingie kwa git. Hapa pia nina ugomvi, mara hii na wale wa upande wa pili, wanaosema “data yoyote isiingie kamwe”. Si kweli. Kuna data inayopaswa kuingia, na msipoiingiza mtalia.

Kikundi kina jedwali dogo linaloonyesha kila shamba lina aina gani ya mche. Wakulima wengi huku wana miche iliyotoka kwa utafiti wa chai pale Kericho, na majina yake ni namba: TRFK 6/8, TRFK 31/8. Kwenye jedwali wameandika kwa kifupi, 6/8 na 31/8. Siku moja mtu alifungua hiyo CSV kwa Excel, laptopu yake inasoma tarehe kwa siku kisha mwezi, akaongeza shamba moja, akahifadhi. Excel ikaona 6/8 ikasema, aah, hii ni tarehe. Kwa kuwa jedwali lilikuwa ndani ya git, `git diff` ikatupigia kelele papo hapo:

```
-M003,6/8
-M007,31/8
+M003,06-Aug
+M007,31-Aug
```

Bila git, mashamba hayo yangekuwa na mche unaoitwa “Agosti” na hesabu ya kilo kwa kila aina ya mche ingeharibika bila mtu kujua lini wala nani. Kwa hiyo kipimo changu ni hiki: jedwali dogo, lililoandikwa kwa mkono wa mtu, lisilo na jina wala simu ya mtu, liingie git. Namba ya shamba na mche, sawa. Uzito wa gunia, sawa kabisa, tena tarehe ulipobadilika. Vitu hivi ni maamuzi, na maamuzi yanahitaji historia.

Rekodi za kupima chai ni kitu kingine. Hizo ni watu. Na tatizo lake ni kwamba zinaingia git bila shida yoyote, ndiyo maana zinatutega. Piga hesabu: wakulima 400, mara tatu kwa wiki, wiki 52, ni mistari 62,400. Kila mstari ukiwa na herufi kama 60, faili haifiki MB 4. GitHub inakataa faili likizidi MB 100, kwa hiyo hapa haitakuzuia hata kidogo. Usingoje ukubwa ukuambie usiingize. Kuna wanaokimbilia Git LFS wakidhani ni suluhisho, lakini LFS inahamisha faili kubwa kwenda ghala lingine la seva ile ile. Inasaidia uzito, haisaidii siri.

Tulichofanya ni kuweka rekodi kwenye folda ya `data`, nje ya git, nakala moja kwa laptopu na nyingine kwa diski iliyofungwa kwa nywila na kukaa kwa mweka hazina. Ndani ya git tukaingiza alama yake tu, kama alama ya kidole:

```
sha256sum data/*.csv > data/SHA256SUMS
```

Hiyo inatoa mstari wa herufi na tarakimu 64 kwa kila faili. Ikibadilika hata nukta moja ndani ya faili, mstari unabadilika wote. Mwenzako akipokea data kwa diski, anaandika `sha256sum -c data/SHA256SUMS`, na kompyuta inamjibu `OK` au `FAILED`. Kwa Windows fanyeni ndani ya Git Bash. Hivyo mnajua mnapiga hesabu kwa faili moja, na hakuna jina la mkulima lililotoka nje. Na `.gitignore` iwe hivi:

```
data/*
!data/SHA256SUMS
.ipynb_checkpoints/
*.html
```

Andikeni `data/*` na nyota yake. Ukiandika `data/` peke yake git inaifunga folda yote, na ule mstari wa pili wa kuokoa SHA256SUMS haufanyi kazi. Na kama faili lilishaingia git zamani, `.gitignore` haitalitoa. Ni mpaka `git rm --cached`, na kumbuka historia bado inalo.

Sasa nimesikia swali la katibu, na ni swali halali: “Mimi sijui kuendesha daftari. Majedwali mmetoa. Nitaona wapi kilo?” Jibu si kumrudishia matokeo kwa git. Jibu ni ripoti inayotengenezwa upya kutoka mwanzo kila mara:

```
jupyter nbconvert --to html --execute --no-input hesabu.ipynb
```

Amri hii inaendesha daftari lote kutoka juu hadi chini, inaficha msimbo, inatoa ukurasa mmoja wa kusoma kwa simu. Ile aibu ya `[31]` na `[4]` haiwezi kutokea, kwa sababu hakuna seli inayobaki ya zamani. Ila kabla ya kuitengeneza toeni `df.head()`, maana itaingia humo pia. Ripoti ya kikundi iwe na jumla kwa kila kituo, si kwa mtu. Na hata hapo mwe macho: kituo kimoja chetu kina wakulima watatu tu, na ukimjua mmoja na ukajijua mwenyewe, wa tatu umeshampata kwa kutoa. Hicho tulikijumlisha na cha jirani.

Kuna mtu ataniandikia hapo chini kwamba bila majedwali na grafu, portifolio yake GitHub itaonekana tupu na mwajiri hatavutiwa. Ndugu yangu, tengeneza data ya uongo, majina ya kubuni, kilo za kubuni, chora grafu zako zote na uzianike unavyotaka. Kilo za yule mama si zako za kutafutia kazi.

Wale vijana wawili bado wanafanya kazi hiyo. Jumapili iliyopita kijana wa tatu amejiunga, akavuta ripo, akapandisha daftari lake la kwanza. Nilipokagua, `git grep` ikatoa mistari sita. Hakuwa ameendesha `nbstripout --install`. Kwa bahati nzuri alikuwa akijaribu kwa data ya kubuni. Tumeiandika sasa kuwa mstari wa kwanza wa README, kwa herufi kubwa, na ripo imefungwa mpaka kila mmoja aonyeshe kichujio kwenye laptopu yake.